Mkono Unaochelewa

Hakuna kinachodanganya watu kama namba ya kweli. Ukiambiwa uongo, siku moja utaufuma, maana njia yake ni fupi. Lakini namba ya kweli, iliyoandikwa kwa herufi kubwa katikati ya kioo, nani ataibishia? Sindano aliiamini namba ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, na ilikaribia kumtoa roho.

Jina hilo alipewa na wenzake wa gemu. Walikuwa timu ya watu watano, kila mmoja kwao, wakikutana kwenye mtandao jioni baada ya kazi na Jumamosi alasiri. Wanne walikimbia, wakafunika, wakapiga kelele. Yeye alikaa mbali na bunduki ndefu akingoja adui achungulie. Adui akichungulia tu, kwisha habari yake. Kepteni wao, kijana mwenye sauti nzito ambaye hakuwahi kumwona uso, ndiye aliyesema kwamba huyu dada hapigi risasi, anatia uzi kwenye tundu la sindano. Jina likaganda. Hakujua kwamba mchana dada mwenyewe alikuwa kweli mshonaji, na kwamba chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa kimejaa sare za wauguzi zinazongoja vifungo.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Baba alikuwa fundi cherehani wa kuaminika mpaka mikono ilipoanza kumsaliti. Haikuanza kwa tarumbeta. Ilianza kwa mshono kukengeuka kidogo leo, kesho ukawa sawa, keshokutwa ukakengeuka tena. Mzee akasingizia taa, akasingizia miwani, akabadilisha mkanda wa cherehani ambao haukuwa na kosa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye aliumbuliwa na suti ya bwana harusi iliyotoka kombo. Daktari alipotaja ugonjwa wa kutetemeka, baba aliinua tu mabega. Siku hizi alishinda sebuleni kwenye kiti chake cha mbao, subana bado iko kidoleni, ile kofia ndogo ya chuma ya kukinga ncha ya sindano. Hakuwa na cha kushona, ila alisema kidole bila subana anakiona uchi. Mkono ulipotetemeka juu ya mkono wa kiti, subana iligonga mbao: ko-ko-ko-ko, siku nzima, isipokuwa siku ambazo dawa ilimkubali.

Basi fikiria hofu ya binti huyu pale risasi zake zilipoanza kukosa.

Zilikosa vilevile kama mishono ya baba. Leo anapiga kama kawaida yake. Kesho adui anachungulia, anabonyeza, na adui hayupo tena pale. Anabaki anaitazama picha ya mtu aliyekwisha ondoka. Wakati mwingine yeye mwenyewe alianguka akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta, akajiuliza risasi imempataje. Siku mbili nzuri, moja mbaya, moja nzuri, tatu mbaya. Aliujua mdundo huo. Aliuona ukimla baba yake.

Bila shaka kwanza alishuku mtandao, nani asingeshuku? Lakini mtandao wenyewe ulikuwa mpya. Kaka yake, anayefanya kazi ng'ambo, wiki kadhaa nyuma aliwaondoa kwenye kile kifurushi cha zamani cha kukokota miguu, akawalipia kifurushi kikubwa kuliko vyote vya kampuni. Pamoja nacho akaleta kamera ya kufunga ukutani sebuleni, imeelekezwa kwenye kiti cha baba, ili popote alipo kaka amwone. Kila Sindano alipopima kasi kwa ile programu ya kwenye simu, mshale uliruka mpaka mwisho na namba ikatokea kubwa, nene, ya kutamba nayo. Chini yake palikuwa na namba nyingine mbili tatu, ndogo, kama maandishi ya nyuma ya tiketi. Hizo hakuzisoma. Nani husoma nyuma ya tiketi?

Hesabu yake ikawa rahisi na ya kutisha: kama mtandao ni mzima, basi mkono ndio mbovu. Maji hufuata mkondo. Akaanza kujipima kwa siri kati ya sare moja na nyingine, akitia uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote. Uzi uliingia mara ya kwanza, kila mara. Lakini hakupata faraja, kwa sababu baba naye siku zake nzuri alitia uzi hivyo hivyo.

Kepteni alimpenda, ila timu si ya mama yake. Alimwambia kwa upole kwamba Jumamosi wana mechi ya mchujo, na kwamba kama hali ni hii, baada ya hapo itabidi bunduki ndefu ishikwe na mwingine. Sindano akajibu sawa. Hakumwambia kwamba bunduki ilikuwa jambo dogo. Aliiwekea Jumamosi nadhiri yake mwenyewe: mkono ukikosa siku hiyo, ataacha kujidanganya, atakwenda kwa daktari wa baba na kuketi kwenye benchi lile lile.

Kwa kaka alisema nusu tu. Alimwambia gemu linakwama. Kaka, ambaye kwake dawa ya kila kitu ni kuongeza, alicheka na kusema kwamba hilo dogo, kampuni imetoa kifurushi kikubwa zaidi, ataagiza leo leo. Kaka alikuwa mtu wa namna hiyo. Hapigi simu wiki tatu, halafu analeta friji.

Alhamisi asubuhi akaja fundi wa mtandao kuongeza hicho kifurushi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mzito na mdomo mwepesi. Alimwamkia mzee shikamoo, mzee akaitika marahaba akiwa nusu usingizini kitini, maana dawa ya asubuhi humlaza. Fundi akachomeka kompyuta yake, akauliza shida ni nini hasa. Sindano akasema gemu linakwama, akamwonyesha kwenye simu ile namba nene.

Fundi akaitazama, kisha akamtazama yeye. "Mdogo wangu, mimi nitakuongezea, ndiyo kazi iliyonileta. Lakini gemu lako halijui hata kama umeongezewa."

Akaeleza huku vidole vinatembea kwenye kibodi. Namba hiyo kubwa, alisema, inakuambia barabara yako ina upana gani. Upana unamfaa mwenye mzigo, na mzigo ni filamu. Gemu halina mzigo. Saa nzima ya gemu inapitisha data pungufu ya filamu ya dakika chache. Gemu linapeleka vikaratasi vidogo, makumi kwa sekunde: nimesogea, nimegeuka, nimepiga. Kikaratasi kinaondoka hapa, kinafika kwenye seva, kompyuta kuu ya gemu, kinarudi na jibu. Kinachokuhusu ni muda wa kwenda na kurudi, ule ambao wachezaji wanauita pingi, na muda huo hauko kwenye bango la kifurushi chochote.

Sindano akauliza mbona filamu wanaangalia bila shida, hata siku gemu linapokwama.

"Filamu imeshapigwa," fundi akasema. "Inakuletea dakika zijazo mapema, unaziweka akiba, njia ikikwama unakula akiba wala hushtuki. Gemu halina akiba. Yule adui yako hajaamua bado atakimbilia wapi. Utawekaje akiba ya jambo ambalo halijatokea?"

Akageuza kompyuta ili Sindano aone. Kila sekunde ilitoka namba moja, muda wa kikaratasi kwenda na kurudi, kwa milisekunde: thelathini na moja, thelathini, thelathini na mbili, thelathini. Zilishuka kwenye kioo moja chini ya nyingine, zimenyooka kama mshono wa baba wa zamani. Fundi akasema hiyo ni pingi nzuri, hata na sitini, kama ya vifurushi vya kale kama chenu, mtu angecheza vizuri tu, mradi isiyumbe.

Njia ni nzuri. Basi ni mkono. Sindano akaitazama mikono yake juu ya paja kana kwamba ameiazima na mwenyewe anakuja kuichukua.

Ndipo baba akaamka. Usingizi ulipomtoka mkono wake ukaanza, na subana nayo: ko-ko-ko-ko. Ukutani, jicho la kamera likawasha taa yake nyekundu. Kwenye kioo, thelathini na moja ikafuatiwa na tisini, mia mbili na arobaini, mia nne, halafu hamsini, halafu mia tatu na kumi.

Fundi akaangalia kioo, akaangalia kamera, akaangalia tena kioo. Aliuliza kamera hiyo inapeleka picha wapi na nani aliipanga. Sindano akasema ni kaka, aliipanga mwenyewe kutoka huko huko aliko, iwe na picha safi kuliko zote na ishtuke kwa kitu kidogo kuliko vyote, asipitwe na chochote.

"Kumbe," fundi akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Akaeleza polepole sasa, bila utani. Barabara yao ilikuwa pana upande wa kupokea tu. Upande wa kupeleka ni uchochoro, na kifurushi kikubwa hakiupanui, hata hiki kipya kingeuacha vilevile. Kamera ikiona kitu kimesogea inarekodi, na inasukuma picha zake zote kwenye uchochoro huo kwa pupa. Picha zinajaa ndani ya ruta, hicho kisanduku kinachogawa mtandao, zinapanga foleni. Kikaratasi cha Sindano, nimepiga, kidogo kuliko punje, kinafika kinakuta foleni hiyo, na ruta hii haina ustaarabu wa kumwambia mwenye mzigo ampishe mwenye barua. Kinangoja. Mara kinangoja kidogo, mara kinangoja sana. Kamera ikitulia, foleni inakwisha, na mtu akipima kasi wakati huo akiangalia upana tu, ataona neema.

Sindano alisikia maneno yote hayo, lakini kwa mbali. Moyoni alikuwa anafunga siku pamoja, kama mtu anayeunganisha vipande vya nguo aliyoichana mwenyewe. Siku zake mbaya. Siku ambazo dawa haikumkubali baba. Zilikuwa siku zile zile, zimekaa pindo kwa pindo. Alikuwa ameurithi mkono wa baba kweli, lakini ulimjia kwa waya.

Akacheka, na machozi yakamtoka. Alifurahi, furaha ya uroho kabisa, ya mtu aliyeponea. Mikono ilikuwa yake. Kisha akainua macho na kukuta baba anamtazama, amekwisha kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, wote wawili wanatetemeka pamoja. Furaha ikageuka aibu.

"Ni mimi, siyo?" mzee akauliza.

Sindano akasema si yeye, ni kamera, ni ruta, ni kaka na mapicha yake. Baba akatikisa kichwa. Alimgeukia fundi, fundi kwa fundi, akamuuliza swali ambalo binti hakulitegemea: huko kuchelewa kungekuwa kwa kiasi kimoja siku zote, mtoto asingezoea? Fundi akakiri angezoea. Wapo wanaocheza na seva za mbali sana, pingi yao kubwa lakini imetulia, na mkono unajifunza kutangulia. Isiyozoeleka ni ile inayoyumba, maana hujui utangulie kwa kiasi gani.

"Najua," baba akasema. "Cherehani nzito unaizoea. Inayoshtuka ndiyo inayokutoboa kidole." Akautazama mkono wake bila chuki, kama mtu anayemtazama mpangaji msumbufu ambaye mkataba wake hauishi.

Fundi akasema dawa ipo, na si ghali. Ruta nyingine, yenye akili ya kupanga foleni, itakayoizuia kamera isijaze uchochoro wote na kuvipisha vikaratasi vidogo. Na kompyuta ya Sindano aiunganishe kwa kebo, maana hewani, bila waya, nako kuna kuyumba kwake. Kebo alimwachia palepale. Ruta hana mkobani, itakuja Jumatatu, na kifurushi kipya nacho kingoje mpaka hapo. Kwa sasa, wazime kamera.

"Izimeni," baba akadakia.

Sindano akakataa. Mwaka uliopita alitoka kununua nyuzi, baba akaanguka kati ya kiti na mlango, akalala hapo mpaka aliporudi. Jumamosi yeye atakuwa chumba cha nyuma na vipokea sauti vimeziba masikio, dari ikianguka hatasikia. Kamera ndiyo iliyokuwa masikio yao. Mzee asipoonekana, au akionekana sakafuni, simu ya kaka hulia, na kaka humpigia yeye. Hilo halikuwa la kujadiliwa. Akamwandikia kaka, akamweleza yote kwa kirefu, akamwomba ashushe ubora wa picha na makali ya kushtuka kabla ya Jumamosi, kwa sababu mwenye ufunguo wa mipangilio ni yeye. Kaka akajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa. Kwa kaka hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Jumamosi alasiri Sindano alimwekea baba chai, akamsogezea mto mgongoni, akamuuliza kama anahitaji kitu. Baba akamwambia nenda mama, kapige watu. Kwa kawaida alimwita mama pale tu alipokuwa na jambo la kuficha, lakini binti alikuwa na haraka zake, hakusikiliza vizuri.

Mwanzoni mwa mechi alikosa mara mbili. Kisha akaelewa. Alikuwa ametangulia. Wiki zote zile mkono ulikuwa umejifunza kukisia, kupiga pale ambapo adui huenda atakuwa, na sasa adui alikuwa pale pale alipoonekana. Ilimbidi auamini tena mkono wake, jambo gumu kuliko linavyosikika. Akavuta pumzi, akangoja, na kichwa kilipochungulia dirishani alibonyeza bila kukisia chochote. Kikaanguka. Na cha pili. Kepteni akapiga yowe, "Sindano huyo, karudi," na wale wengine wakaanza kuimba jina lake vibaya sana. Pingi kwenye kona ya kioo ilisimama thelathini na moja, thelathini, thelathini na mbili, kama mlinzi aliyelipwa. Moyoni alimshukuru kaka. Kumbe kidole gumba nacho kina neno lake.

Mchujo wakaupita. Kepteni akasema habari ya kubadilisha mtu wa bunduki ndefu asiisikie tena, kana kwamba si yeye aliyeianzisha. Sindano akavua vipokea sauti, akabaki ameketi, mikono imelala juu ya meza, yake, mizima, ya utulivu. Alitaka kumwambia mtu. Mtu wa kumwambia alikuwa sebuleni.

Akiwa njiani simu ikatetema. Kaka ameandika: samahani mdogo wangu, zamu zilinibana, kamera sijaigusa, nitaiangalia kesho.

Akasimama kwenye ukumbi mwembamba akisoma tena. Hapo ndipo alipoisikia nyumba. Ilikuwa kimya. Hapakuwa na ko-ko-ko-ko. Miguu ilimbeba mbio kabla akili haijasema kitu.

Baba hakuwa ameanguka. Alikuwa kwenye kiti chake, wima, mbele ya jicho la kamera, na taa nyekundu imezimika. Mapajani alikuwa amejilazia majora mawili ya kitambaa kizito cha suti, vile vitambaa vya zamani ambavyo hakuna mteja aliyekuja kuvidai. Mikono ilikuwa chini ya majora hayo, imekandamizwa. Jasho lilimtiririka shingoni, midomo imebanwa. Chai ilikuwa imepoa kikombeni, utando umeshika juu, haikuguswa.

"Umekwisha?" akauliza bila kugeuza shingo.

"Nimekwisha, baba."

"Umewapiga?"

"Nimewapiga."

Ndipo alipojiachia kuegemea mto. Sindano akapiga magoti, akaondoa jora la kwanza, akaondoa la pili. Mikono ikaanza mara moja, yote miwili, kwa nguvu kuliko alivyopata kuiona, kama watoto waliotolewa darasani. Kidoleni subana iliacha alama nyekundu ya duara. Ukutani taa ikawaka.

Alimuuliza kwa nini hakusogea tu kando, akakaa mahali ambapo jicho halifiki. Sauti yake ilitoka kali, na mwenyewe aliisikia.

"Ningetoweka machoni mwake, kaka yako angekupigia," mzee akasema. "Ungeacha gemu ukaja kunitafuta. Nakujua." Akapumzika kidogo. "Mimi nilipoanza kukosa, hakuna aliyeniambia ni foleni. Wewe umeambiwa. Nikasema basi huyu asikose kwa ajili yangu, hata siku moja."

Sindano alilia kwa sauti, mtu mzima, ameweka paji la uso kwenye magoti ya baba yake, na ile mikono inayotetemeka ikamshukia kichwani na kumgonga gonga utosini, subana na vyote. Iliuma kidogo. Hakusogea.

Kisha akainua uso na kuikabili kamera, akijua kwamba huko ng'ambo simu ya kaka imeshaita. Kamera ilipeleka sauti pia, na kwa mara ya kwanza aliitumia. Hakupayuka.

"Kaka, umemwona baba," alisema. "Sasa tusikilize. Kile kifurushi kikubwa zaidi usilipie. Tupigie simu Jumapili saa nne, kila Jumapili, hata kama huna la kusema. Dakika tano zinatutosha, mradi ziwe zile zile."

Baba akanong'ona kwamba amekuwa mkali mno kwa mkubwa wake. Lakini hakumwambia aombe radhi.

Kaka alipiga kesho yake saa nne na robo. Si haba kwa kuanzia. Alishusha makali ya kamera huku wanamsikia, na alimuuliza baba habari za mikono, swali ambalo kwa miaka miwili alikuwa analizunguka. Jumatatu fundi wa mtandao akaja na ruta, akaipanga, akamwambia mzee atetemeke atakavyo ili yeye apime. Mzee akautikisa mkono mbele ya jicho kwa makusudi, akarusha na kitambaa juu kama mwehu, na namba kwenye kioo zikapanda kidogo tu, thelathini na nne, thelathini na tatu, zikarudi chini zikanyooka. Fundi akafunga mkoba wake akisema hajawahi kuwa na mjaribishaji mzuri namna hiyo.

Siku hizi Sindano anacheza kama zamani, pengine bora. Kepteni ana lalamiko moja tu. Anasema huyu dada hasikii vizuri adui akija kwa nyuma upande wa kushoto, na amemwambia mara nyingi avae vipokea sauti sawasawa, masikio yote mawili. Sindano hujibu sawa kepteni, lakini havai. Sikio la kushoto analiacha wazi, upande wa mlango, na mlango anauacha wazi pia. Kutoka sebuleni subana inagonga mbao, ko-ko-ko-ko, na yeye anapiga.